Kutoka Daftarini hadi Mtaani: Kauli za Taarifa za Fedha na Ukaguzi wa Mali za Waasia Walioondoka, Jinja na Mbale, tangu 1972

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kauli za taarifa za fedha, hasa kuwepo, ukamilifu na thamani, zinavyoamua hatua anazochukua mkaguzi wa hesabu. Mfano unaotumika ni mali zilizoachwa na Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, hususan maduka na nyumba za Jinja na Mbale. Hoja kuu ni kwamba kila kauli ina mahali pake pa kuanzia uchunguzi, na kwamba mkaguzi hujua aelemee kauli ipi kwa kuuliza ni nani anayefaidika daftari likikosea.

1.0 Utangulizi

Taarifa ya fedha huonekana kama jedwali la tarakimu, lakini kila mstari wake ni sentensi. Shirika linapoandika "Majengo: shilingi bilioni 2", linasema mambo kadhaa kwa mpigo: kwamba majengo hayo yapo, kwamba hakuna lililoachwa nje ya hesabu, kwamba shirika lina haki nayo, na kwamba thamani yake ndiyo hiyo. Mambo haya yasiyotamkwa ndiyo tunayoyaita hapa kauli. Wapo wanaotumia neno "madai", lakini katika vitabu vya hesabu madai ni fedha ambazo mtu anawadai wengine, na neno moja likibeba dhana mbili katika ukurasa mmoja msomaji hupotea.

Mkaguzi hawezi kuuthibitisha mstari mzima kwa tendo moja. Ushahidi unaotosha kuonyesha kwamba jengo lipo hauonyeshi kwamba orodha ya majengo imekamilika, wala hauonyeshi bei yake. Kwa hiyo kila kauli hudai hatua zake.

2.0 Somo la 1938: bidhaa ambazo hazikuwepo

Mwezi Desemba 1938 ilifichuka nchini Marekani kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa imejaza hesabu zake mali za kubuni. Kati ya rasilimali za takriban dola milioni 87, kiasi cha dola milioni 19 hakikuwepo: bidhaa katika maghala ya Kanada na fedha zilizosemekana kudaiwa wateja. Wakaguzi walikuwa wamezipitia hati, na hati zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe kwa kuwa ziliandikwa na mkono uleule wa udanganyifu. Hawakwenda ghalani, wala hawakuwaandikia wateja, kwa sababu desturi ya wakati ule haikuwalazimu.

Mwaka 1939 chama cha wahasibu cha Marekani kilielekeza kwamba mkaguzi ashuhudie uhesabuji wa bidhaa na awaulize wadaiwa moja kwa moja. Hatua zote mbili zinajibu hasa swali moja, la kuwepo. Hofu iliyozizaa ilikuwa ya kampuni inayotaka kuonekana tajiri kuliko ilivyo. Mwaka 1980 viwango vya ukaguzi vya Marekani viliorodhesha kauli tano kwa majina, na baadaye viwango vya kimataifa vikazipanga upya. Hata hivyo, hofu ya 1938 haifai kila mahali. Mali za Jinja na Mbale zinaonyesha hali iliyo kinyume chake.

3.0 Mali zilizoachwa, 1972

Mapema Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90 zilizokwisha tarehe 8 Novemba. Amri ya mwaka huohuo iliwataka waliokuwa wakiondoka watangaze mali zao: majengo, biashara, bidhaa na madeni. Kisha mali hizo ziliwekwa chini ya bodi ya uangalizi, na nyingi ziligawiwa watu wengine. Sheria ya mwaka 1982 kuhusu mali zilizotaifishwa iliwaruhusu wenyewe wa awali kuomba kurudishiwa kwa hati ya Waziri wa Fedha, na mali ambazo hazikurudishwa ziliweza kuuzwa. Mwaka 2019 na 2020 kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma ilikuwa bado inahoji habari za bodi hiyo.

Kwa mkaguzi, kuna hati mbili zisizofanana tabia. Ya kwanza ni fomu ya tangazo la mali ya 1972. Aliyeijaza alitumaini kulipwa fidia siku moja, kwa hiyo kishawishi chake kilikuwa kuongeza thamani na kupunguza madeni. Ya pili ni rejista ya mwangalizi. Mwangalizi hataulizwa kodi ya pango ya jengo ambalo halimo katika rejista. Kwa hiyo kishawishi hapa ni kuacha nje. Kampuni ya 1938 iliandika kisichokuwepo. Mwangalizi wa amana aweza kutoandika kilichopo. Hatari kubwa imehama kutoka kuwepo kwenda ukamilifu.

4.0 Kuwepo na haki: kutoka daftarini hadi mtaani

Tuchukue mfano wa kubuni. Rejista ya bodi ina viwanja 120 vya Jinja. Kwa kauli ya kuwepo, mkaguzi huanzia daftarini: huchagua viwanja 20, hushika namba ya kila kimoja, na huenda Barabara Kuu kukitafuta. Akikuta jengo limesimama, kauli ya kuwepo imepata ushahidi mzuri.

Lakini ushahidi huo una mpaka. Ukuta hausemi ni wa nani. Jengo laweza kuwa limesharudishwa kwa familia yake kwa hati ya Waziri, nalo likabaki katika rejista kwa uzembe. Haki ni kauli nyingine, na hatua yake ni nyingine: kulinganisha rejista na hatimiliki katika ofisi ya ardhi, na kisha na orodha ya hati za kurudisha mali zilizotolewa. Tuseme kati ya viwanja 20, vyote vimeonekana lakini 3 vimesharudishwa. Kuwepo kumethibitika kwa vyote 20. Haki imeanguka kwa 3. Mkaguzi aliyeishia mtaani angetoa jibu zuri kwa swali ambalo halikuwa na shaka.

5.0 Ukamilifu: kutoka mtaani hadi daftarini

Hapa ndipo wengi hukosea. Mkaguzi anayetaka kujua kama rejista imeacha majengo nje hawezi kuanzia katika rejista, hata akikagua viwanja vyote 120, kwa sababu kilichoachwa hakimo humo cha kuchaguliwa. Lazima aanzie katika chanzo kilichotengenezwa na mtu mwingine, kwa lengo jingine, kisha arudi kuelekea daftarini.

Jinja na Mbale zina chanzo kimoja cha ajabu: majengo yenyewe. Maduka mengi ya zamani yamechorwa juu ya paji la mbele jina la familia au mwaka wa kujengwa. Mkaguzi anaweza kutembea mtaa mzima, akaandika kila jengo la aina hiyo, kisha akalitafuta katika rejista. Njia hii hufichua maduka yaliyosahauliwa, lakini haitoshi peke yake. Jina la ukutani linamtaja aliyejenga, naye huenda aliuza kabla ya 1972. Tena, kiwanja kitupu hakina paji la kuandikwa jina. Kwa hiyo chanzo cha pili ni ramani za upimaji na hatimiliki za ofisi ya ardhi, na cha tatu ni zile fomu za 1972. Fomu hizo, ambazo hazifai sana kwa thamani kwa kuwa huelekea kuzidisha, zinafaa sana kwa ukamilifu kwa sababu hiyohiyo: mwenye mali hakuwa na sababu ya kuificha.

Mipaka ya utawala nayo huleta mapengo. Mafubira, pembeni mwa Jinja, haikuwa sehemu ya manispaa mwaka 1972. Iliingia katika Jiji la Jinja mwaka 2020. Atakayechukua ramani ya manispaa ya zamani kuwa ndiyo orodha yake ya kuanzia atakuwa amekiacha kila kilichokuwa nje ya mstari ule, na uchunguzi wake utatoka safi bila kuwa mkamilifu.

Kodi ya pango hutoa kipimo kingine. Ikiwa rejista ina maduka 80 yaliyopangishwa kwa wastani wa shilingi 200,000 kwa mwezi, makusanyo ya mwaka yatarajiwe kuwa milioni 192. Bodi ikiwa imepokea milioni 230, ziada hiyo haistahili kusherehekewa kabla ya kuulizwa. Huenda kodi imepanda, au ni malimbikizo ya nyuma. Au kuna wapangaji wanaolipia majengo ambayo rejista haiyataji.

6.0 Thamani: tarakimu sahihi, maana iliyopotea

Mwezi Mei 1987 Uganda ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na tozo ya asilimia 30 ikakatwa. Duka lililotangazwa kuwa na thamani ya shilingi 300,000 mwaka 1972 likawa, kwa kufuta sifuri mbili, la shilingi 3,000. Hesabu ni sahihi, lakini 3,000 hiyo si thamani ya duka kwa maana yoyote inayomsaidia msomaji wa taarifa. Baya zaidi ni rejista ambayo baadhi ya mistari yake imefutwa sifuri na mingine haikufutwa, au karani aliyekata asilimia 30 hata katika majengo, ilhali tozo ilihusu fedha. Dalili yake huonekana mkaguzi akigawa thamani kwa ukubwa wa kiwanja: maduka mawili jirani yaliyopishana mara 100 hayajapishana kwa sababu ya soko.

Kwa hiyo thamani haikaguliwi kwa kutazama jengo wala kwa kulitafuta katika orodha. Hukaguliwa kwa kuuliza jinsi tarakimu ilivyopatikana: ni nani aliyethamini, lini, kwa njia gani, na kwa takwimu zipi. Tuseme mthamini ametumia kodi ya pango na kiwango cha asilimia 8. Kodi ya shilingi 200,000 kwa mwezi ni milioni 2.4 kwa mwaka, na thamani ni milioni 30. Lakini mpangaji akiwa analipa kodi ya upendeleo, na duka la jirani linapangishwa kwa 500,000, kodi ya mwaka ni milioni 6 na thamani ni milioni 75. Mthamini hakukosea katika kugawa. Alipewa takwimu iliyopinda. Katika mali inayoweza kuuzwa, aliyepanga kwa bei ya chini ndiye pia anayeweza kununua kwa bei ya chini, na milioni 45 za umma hupotea bila hati hata moja kughushiwa.

7.0 Hitimisho

Duka moja la Jinja laweza kupita mtihani wa kuwepo na kuanguka katika haki, au likawa na haki safi huku thamani yake ikiwa ya uongo. Duka jingine, la jirani, halitaanguka katika mtihani wowote kwa sababu halimo katika rejista. Ripoti inayosema tu kwamba "mali zilikaguliwa" haimwambii msomaji ni lipi kati ya hayo lililotazamwa. Kwa mali za 1972, msomaji wa ripoti yoyote ana haki ya kuuliza swali moja la kwanza: mkaguzi alianzia wapi, katika rejista au mtaani? Ikiwa alianzia katika rejista peke yake, ripoti hiyo haijasema lolote kuhusu majengo ambayo mwangalizi hakuyaandika.