Gharama za msingi

Fundi samani akisikia “gharama za msingi” hufikiria kodi ya karakana, maana mwenye nyumba ndiye hubisha hodi kwanza. Mhasibu ana maana nyingine: ni zile zinazokifuata kitanda chenyewe. Tuseme mbao ni shilingi 900,000 na ujira wa maseremala 400,000. Msingi ni 1,300,000. Kodi, umeme wa randa, msimamizi, hata gundi isiyopimika kwa kila kitanda, ni gharama za karakana: 300,000. Jumla 1,600,000. Toa 100,000 za vitanda vilivyobaki nusu (wengi husahau hapa), gharama ya uzalishaji ni 1,500,000. Vitanda kumi vilivyokamilika, kila kimoja 150,000. Nauli ya guta kwenda kwa mteja haimo; hiyo ni ya mauzo.