Kizidishio cha msongo (lishe ya wagonjwa)

Namba inayozidishwa kwa nishati ya msingi ya mgonjwa ili kukadiria mahitaji yake ya siku. Nishati ya msingi hukokotolewa kwa mlinganyo wa Harris na Benedict wa 1919. Mwanamume wa miaka 40, kilo 60 na sentimita 170, hupata takriban kilokalori 1,470. Akiwa kitandani huzidishiwa 1.2, akiungua vibaya, 2.1 tena, jumla ikifika 3,700. Homa huongeza kama asilimia 13 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, lakini isihesabiwe juu ya kizidishio cha maambukizi, ambacho tayari kimeibeba. Makadirio haya mara nyingi huzidi nishati halisi inayopimwa kwa hewa anayopumua mgonjwa. Akilishwa kupita kiasi, sukari ya damu na kabonidioksaidi hupanda.