Wingu Zito na Jibu Lililochelewa

Katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 37, Elihu anamuuliza Ayubu kama anajua namna mawingu yanavyosawazishwa angani. Katika Kurani, Sura ya Ar-Raad inayataja mawingu kuwa ni mazito. Maandiko hayo yalikwisha kulikubali jambo ambalo jicho peke yake hulikataa, maana anayetazama juu huona kitu cheupe kinachoelea bila taabu, na ni vigumu kuamini kwamba kina uzito wowote.

Uzito upo, na kuukadiria si kazi ngumu. Chukua wingu la kawaida la mchana wa jua, lile jeupe lenye mafundo juu na tumbo bapa chini, lenye upana, urefu na kimo cha kilomita moja moja. Ndani ya kila mita moja ya ujazo mna maji ya takriban nusu gramu. Kilomita moja ya ujazo ina mita za ujazo bilioni moja, kwa hiyo wingu hilo limebeba tani 500 za maji, sawa na uzito wa tembo wakubwa mia moja. Wingu la radi hubeba maradufu ya hapo mara nyingi. Kwa nini basi haliporomoki?

Wanafunzi wa Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, walifundishwa kwamba kila kitu kina mahali pake: ardhi chini kabisa, juu yake maji, kisha hewa, kisha moto. Jua hupasha maji, mvuke hupanda, ukipoa hugeuka maji na kurudi chini. Mafundisho hayo yalieleza vizuri kwa nini mvua hunyesha. Hayakueleza kwa nini maji yaliyokwisha kuwa wingu hukaa juu saa nzima kabla ya kunyesha, au hukaa juu na yasinyeshe kabisa.

Jibu lenye mwelekeo sahihi lilitokea katika karne ya 17. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha risala juu ya mambo ya anga. Alisema wingu ni mkusanyiko wa matone madogo mno na chembe za barafu, na kwamba tone dogo lina uso mkubwa ukilinganisha na maji yaliyomo ndani yake, hivyo hewa hulizuia kwa urahisi. Mwaka uliofuata Galileo Galilei alitumia hoja ya jamii hiyohiyo kueleza kwa nini vumbi laini huchukua muda mrefu kutuama ndani ya maji. Hoja ni hii: ukipunguza kipenyo cha tone mara kumi, uzito wake hupungua mara elfu, lakini uso wake hupungua mara mia tu. Kadiri tone linavyokuwa dogo, ndivyo hewa inavyolishinda nguvu.

Walichokosa wawili hao ni hesabu. Hawakuwa na njia ya kusema tone la ukubwa fulani litaanguka kwa kasi gani, na hoja isiyo na namba ni rahisi kusahaulika. Mahali pake pakachukuliwa na wazo jingine lililovutia zaidi, nalo lilikuwa la uongo.

Wazo hilo lilisema kwamba chembe za wingu ni viputo, yaani vigozi vyembamba vya maji vyenye utupu au hewa nyepesi ndani. Otto von Guericke wa Magdeburg, aliyetengeneza ukungu ndani ya chupa kwa kuipunguza hewa yake, aliviita viputo katika kitabu chake cha 1672. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, naye alieleza kwamba chembe ya maji ikivimba mara kumi kwa kipenyo huwa nyepesi kuliko hewa na hupanda juu yenyewe. Ukishakubali kwamba kitu kizito hakiwezi kukaa hewani, viputo ndiyo njia pekee ya kutokea.

Aliyelipa wazo hilo heshima kubwa kabisa alikuwa Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva, mpanda milima na mpimaji makini wa unyevu wa hewa. Alitazama kwa kioo cha kukuzia mvuke uliokuwa ukitoka juu ya vimiminika vyeusi vya moto kama kahawa, akatazama pia ukungu wa milima ya Alpi, na katika kitabu chake cha 1783 akasema ameviona viputo. Mwaka uleule akina Montgolfier walirusha puto lao huko Ufaransa. Watu waliona kwa macho yao gozi jembamba likipaa kwa sababu ya wepesi wa kilichomo ndani. Nani angesita kuamini kwamba mawingu hufanya vivyo hivyo?

Viputo vilitawala vitabu vya sayansi hadi katikati ya karne ya 19. Pigo la kwanza lilitoka kwenye hadubini. Mwingereza Augustus Waller alinasa chembe za ukungu na kuzichunguza katika miaka ya 1840, akakuta ni matone mazima, maji matupu hadi katikati. Pigo la pili lilitoka kwenye hesabu. Mwezi Desemba 1850, George Gabriel Stokes wa Cambridge aliwasilisha utafiti uliohusu jambo lililoonekana kuwa mbali kabisa na mawingu: namna msuguano wa ndani wa hewa unavyopunguza mwendo wa timazi la saa. Humo alikokotoa nguvu inayoizuia tufe ndogo kupita katika hewa, na akaona mara moja kwamba kanuni hiyo inamaliza fumbo la mawingu. Tone halihitaji kuwa jepesi kuliko hewa. Linachohitaji ni kuwa dogo tu.

Tuifanye hesabu hiyo kwa vipimo vya leo. Tone la kawaida la wingu lina kipenyo cha takriban milimita 0.02. Linapoachiwa, uzito hulivuta chini na msuguano wa hewa hulizuia, na punde nguvu hizo mbili hulingana. Kuanzia hapo tone hushuka kwa kasi moja isiyobadilika, nayo ni kama sentimita 1.2 kwa sekunde. Kutoka kimo cha mita elfu moja lingehitaji karibu siku nzima kufika ardhini, kama hewa ingetulia tuli na tone lisikauke njiani.

Wala hewa haitulii, wala tone halikosi kukauka. Ndani ya wingu la mchana hewa hupanda kwa mita moja au zaidi kwa sekunde, karibu mara mia ya kasi ya kushuka kwa tone. Tone linaanguka ndani ya hewa iliyolizunguka, lakini hewa yenyewe inalipandisha haraka zaidi. Na likiponyoka chini ya tumbo la wingu, ambako hewa si ya unyevu uliojaa, hukauka kabla ya kwenda hata mita moja. Ndiyo sababu matumbo ya mawingu hayo ni bapa: mstari huo unaonyesha kimo ambacho mvuke unaopanda hugeuka maji, na maji yanayoshuka hurudi kuwa mvuke.

Limebaki swali la hewa yenyewe. Kama imebeba tani 500 za maji, kwa nini haizami nayo? Hapa jibu lilianzwa na Mmarekani James Espy, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya dhoruba kilitoka 1841. Kwa majaribio ya hewa iliyoachwa itanuke chomboni, Espy alionyesha kwamba hewa yenye mvuke unaogeuka maji hupoa kidogo kuliko hewa kavu, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto lililotumika kuuvukiza. Hewa yenye joto zaidi ni nyepesi zaidi, na wepesi huo ndio unaobeba mzigo.

Turudi kwenye wingu letu. Hewa iliyomo ndani yake ina uzito wa takriban tani milioni moja, kwa hiyo maji ni sehemu moja tu kati ya elfu mbili. Ili kuufidia uzito huo, inatosha hewa hiyo iwe na joto zaidi kuliko hewa ya pembeni kwa karibu nyuzi 0.14 za Selsiasi. Lakini tani 500 za mvuke zilipogeuka maji zilitoa joto la kuipasha hewa hiyo karibu nyuzi 1.2. Mzigo umejilipia gharama za safari yake mara nane. Sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea pale wingu linapochanganyika na hewa kavu ya pembeni, na ndiyo maana mawingu madogo hufa kwa kukauka baada ya dakika chache, bila kuanguka.

Tunu ya mwisho ya karne hiyo ilitoka Uskoti. Mwaka 1880 John Aitken aliingiza mvuke katika vyombo viwili, kimoja chenye hewa ya kawaida na kingine chenye hewa iliyochujwa kwa pamba. Cha kwanza kilijaa ukungu. Cha pili kilibaki angavu. Kila tone la wingu huanzia kwenye chembe ya vumbi, chumvi au moshi. Chembe zikiwa nyingi, maji yaleyale hugawanywa katika matone mengi zaidi na madogo zaidi, na yaliyo madogo ndiyo yanayokaa juu muda mrefu.

Kwa hiyo mvua ni habari ya ukubwa. Takriban matone milioni moja ya wingu lazima yaungane kutengeneza tone moja la mvua la milimita mbili, na tone hilo hushuka kwa zaidi ya mita sita kwa sekunde. Mawe ya mvua yanayoharibu majani ya chai huko Kericho yanahitaji hewa ipande kwa kasi kubwa kuliko hiyo ndipo yapate muda wa kukua. Lakini mzigo una mpaka. Mvua na mawe yakiwa mengi mno, huivuta hewa chini pamoja nayo. Matone yanayokauka njiani huipoza na kuizidishia uzito. Na hewa hiyo hudondoka hadi ardhini na kusambaa kwa kishindo. Huo ndio upepo wa baridi unaotangulia mvua kubwa. Ukiusikia usoni huku jua bado likiwaka ulipo, jua kwamba sehemu ya wingu imekwisha kuanguka. Ingia ndani, na usijikinge chini ya mti, kwa kuwa radi ziko karibu.