Ujiji ya Riwaya na Ujiji ya Maji

Mwanafunzi wangu anaandika riwaya ya Ujiji ya mwaka 1876, zama za misafara ya pembe na watumwa iliyofungamanisha ziwa na Unguja. Mhusika wake mkuu, mwanamke aliyetekwa Umanyema, ng'ambo ya ziwa, anauza samaki ufukweni, chini ya mwembe ambapo leo kuna mnara wa Livingstone. Mnunuzi anamlipa rupia.

Mwanamke huyo hakuwahi kuwako, na hilo halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni rupia. Katika soko la Ujiji la miaka hiyo, samaki, muhogo na mafuta ya mawese vilinunuliwa kwa sofi, yaani shanga ndefu zilizofanana na vipande vya bomba la kiko. Ukimpa mwanamke huyu rupia, umempa fedha ambayo hawezi kuinunulia muhogo wa jioni. Ukimpa sofi, swali jipya linazuka: zile shanga anabaki nazo, au anampelekea bwana wake? Hapo ndipo riwaya inapoanza.

Ufukwe nao ni mtego. Mto Lukuga, ulio magharibi, ndio hutoa maji ya Tanganyika kwenda Kongo. Mlango wake ulikuwa umezibwa na udongo na matete, na ziwa likazidi kujaa hadi mwaka 1878 hivi, kizuizi kilipobomoka. Katika miaka iliyofuata maji yalishuka kwa takribani mita kumi. Kwa hiyo mwandishi anayesimama ufukweni leo na kuandika anachokiona, anamwuzisha mhusika wake samaki mahali palipokuwa chini ya maji. (Stesheni ya Kigoma asiitaje kabisa, reli ilifika 1914.)

Wapo watakaosema huu ni ukali wa mwalimu wa historia, kwamba msomaji hajali kina cha maji. Sikubaliani nao. Anayefuata ziwa lilivyokuwa anagundua kwamba mashua zilizoleta mateka zilifika karibu zaidi na nyumba, na kwamba wenyeji waliziona zikishusha watu.

Penye ukimya wa nyaraka ndipo ninapompa mwandishi uhuru wote. Tippu Tip aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili. Burton, Livingstone na Stanley waliacha vitabu. Wote wanahesabu pembe, mizigo na wapagazi. Mwanamke wa sokoni akitokea humo, aghalabu hutokea kama bei, au kwa jina alilopachikwa na mmiliki wake.

Mwanafunzi wangu amempa majina mawili: moja la nyumba ya bwana, jingine la kwao, ambalo analitamka akiwa peke yake tu, anapohesabu sofi. Hakuna hati itakayothibitisha jina hilo la pili. Nimemwambia asilifute, ila abadilishe rupia.