Umeondoa Kadi, Lakini Usajili Bado Upo: Namna ya Kusitisha Makato ya Kila Mwezi

Msikilizaji, siku hizi huhitaji kwenda mjini ili kulipia muziki, filamu au aplikesheni. Ukiwa Mbagala, Tegeta au kijijini kabisa, unaingiza namba za kadi ya benki, au za kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye huduma ya pesa ya simu, na malipo yanapita. Shida huanza siku unapotaka kuacha. Wengi hufungua akaunti yao, huifuta kadi waliyoihifadhi humo, kisha huamini kwamba wamemalizana na mtoa huduma. Hawajamalizana naye.

Ulipojiunga ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, uliingia makubaliano kwamba utapewa huduma na utalipa kila mwezi mpaka useme basi. Huo ndio usajili. Pili, ulionyesha pesa zitoke wapi, na hiyo ndiyo kadi. Fikiria mpangaji anayemlipa mwenye nyumba kodi kwa simu. Akibadilisha laini au akifuta namba ya mwenye nyumba, bado ni mpangaji na kodi ya mwezi ujao bado inamhusu. Upangaji unakwisha pale anapotoa taarifa kwamba anahama. Kuondoa kadi ni sawa na kubadilisha laini. Kutoa taarifa ni kusitisha usajili.

Tuchukue mfano wa kinyozi wa Mbagala Rangi Tatu anayetaka muziki wa saluni. Tarehe 3 Machi anajiunga na huduma ya shilingi 10,000 kwa mwezi, yenye siku 7 za majaribio ya bure. Tarehe 10 Machi anakatwa 10,000 za kwanza. Tarehe 25 Machi anaona haitumii sana, anaingia kwenye akaunti na kuondoa kadi. Hasitishi usajili.

Tarehe 10 Aprili mtoa huduma anajaribu kukata tena na anakosa kadi. Hafuti usajili. Anausimamisha kwa muda na kumtumia kinyozi barua pepe ya kumwomba aweke njia nyingine ya malipo. Kinyozi hafungui barua pepe mara kwa mara, hivyo haioni. Tarehe 18 Aprili anataka kununua kitu kingine cha 5,000 kwenye akaunti ileile, anarudisha kadi. Meseji mbili zinaingia: makato ya 5,000, kisha makato ya 10,000. Anadhani ameibiwa, kumbe ni usajili wake wa zamani uliokuwa unasubiri kadi. Kama tarehe 25 Machi angesitisha usajili wenyewe, kwa kawaida angeendelea kusikiliza muziki mpaka tarehe 10 Aprili, kwa kuwa mwezi huo ameshaulipia, na baada ya hapo asingedaiwa.

Si kila mtoa huduma hufanya hivyo hivyo. Wapo wanaofunga usajili baada ya kushindwa kukata kwa muda fulani. Wapo wanaokata kwenye kadi nyingine iliyobaki kwenye akaunti, labda ya mwenzi wako aliyewahi kuitumia simu hiyo. Wapo pia wasiokuruhusu kuondoa kadi ya mwisho wakati usajili unaendelea. Ukikataliwa kuondoa kadi, chukulia hiyo kuwa ishara kwamba kuna usajili hai unaotakiwa kuusitisha kwanza.

Kuifuta aplikesheni kwenye simu nako hakusaidii. Alama yake inaondoka kwenye skrini, lakini usajili uko kwenye akaunti yako. Hata kubadilisha kadi benki si dawa ya uhakika. Visa na Mastercard zina mfumo ambao benki inayoshiriki inaweza kumpelekea mfanyabiashara namba mpya za kadi yako, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kadi inakuwa mpya, makato yanabaki yaleyale.

Sasa usajili unasitishwa wapi? Pale ulipojiungia. Kama ulijiunga kupitia Play Store kwenye simu ya Android, fuata hatua hizi:

1. Fungua Play Store, bonyeza picha au herufi ya jina lako iliyo juu upande wa kulia. Hakikisha ni akaunti ileile uliyojiungia, hasa kama simu ina akaunti mbili.
2. Bonyeza "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions".
3. Chagua huduma unayotaka kuacha, bonyeza "Cancel subscription".
4. Utaulizwa sababu. Jibu, kisha endelea mpaka uthibitishe. Ukiishia kwenye swali la sababu, hujasitisha kitu.

Kwenye iPhone, fungua "Settings", bonyeza jina lako, kisha "Subscriptions", chagua huduma na ubonyeze "Cancel Subscription". Kama uko kwenye majaribio ya bure, Apple inataka usitishe angalau saa 24 kabla siku hizo hazijaisha.

Kama ulijiunga moja kwa moja kwenye tovuti ya mtoa huduma, hutaukuta usajili huo kwenye Play Store. Mtu aliyejiunga Netflix kwenye tovuti yao, kwa mfano, huingia kwenye akaunti yake hukohuko na kutafuta "Cancel Membership".

Utajuaje kwamba umefanikiwa? Rudi kwenye ukurasa wa usajili. Ukiona bado panatajwa tarehe ya malipo yajayo, usajili uko hai. Ukiona tarehe ya mwisho wa huduma, au kitufe cha kujiunga upya kama "Resubscribe", umesitisha. Fungua pia barua pepe yako utafute uthibitisho, na upige picha ya skrini. Tarehe ya makato ikifika, angalia meseji za benki au za pesa za simu. Baada ya hapo ndipo uondoe kadi, ukitaka.

Picha hiyo na barua pepe hiyo ndizo zitakazokutetea ukikatwa tena. Anza na mtoa huduma, umwonyeshe tarehe uliyositisha na udai kurudishiwa. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa benki au kampuni iliyokupa kadi, ukiwa na uthibitisho na meseji ya makato. Kama hao waliokupa kadi hawashughulikii malalamiko yako, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya taasisi za fedha inazozisimamia. Lakini haimsimamii mfanyabiashara wa nje ya nchi anayeuza muziki au filamu, ndiyo maana uthibitisho wako ni muhimu.

Anayefika benki na maelezo kwamba "niliondoa kadi" ana kazi ngumu. Kwa upande wa mfanyabiashara, rekodi zitaonyesha mteja aliyejiunga na ambaye hajawahi kusema anaacha. Kwa hiyo kabla ya kwenda kulalamika, fungua ukurasa wa usajili. Kama bado uko hai, usitishe siku hiyohiyo ili mwezi mwingine usikatwe, kisha ufuatilie pesa zilizokwisha kukatwa.