Saa Mbili Bila Chumba: Ombi la Mama Anayenyonyesha Kazini

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wake ndani ya muda wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Haki hiyo husomwa kana kwamba imekamilika, lakini ina mapengo mawili. Saa mbili zimewekwa kuwa ukomo wa juu, na wa chini haukutajwa, hivyo hata mwajiri anayetoa robo saa anaweza kudai kwamba ametii. Pili, kifungu kinataja muda tu, mahali hakipo. Hoja yangu ni kwamba kwa wafanyakazi wengi muda huo bila mahali hauna kazi, na kwa hiyo ombi la mama kwa mwajiri linapaswa kudai vyote viwili katika barua moja.

Tuchukue mwalimu anayefundisha Simbo na kuishi Ujiji. Likizo ya uzazi ni siku 84, na sheria inaruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Akifanya hivyo na mtoto akazaliwa kwa wakati, atarudi darasani mtoto akiwa na siku 56 tu, ilhali ushauri wa kitaalamu ni maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Mtoto amebaki na bibi yake Ujiji. Mama akienda kunyonyesha na kurudi, sehemu kubwa ya saa zake itaishia kusubiri gari na barabarani. Njia iliyobaki ni kukamua maziwa kazini, na hapo ndipo mahali panapohitajika. Titi lisilotolewa maziwa kwa saa nyingi hujaa, likawa gumu na kuuma. Hali hiyo ikijirudia mwili hupunguza uzalishaji, na wengine hupata uvimbe wenye homa. Mama huyo anapolalamika kwamba maziwa yamekauka, mara nyingi lawama huangukia lishe yake, wakati chanzo kiko kwenye ratiba.

Barua nzuri basi hutaja saa. Kazi ikianza saa moja na nusu asubuhi, mama aombe nusu saa saa nne na nusu, nusu saa nyingine saa saba na nusu, kisha aondoke saa moja kabla ya wenzake: jumla ni saa mbili kamili. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa takriban saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa mwambao wa Tanganyika mara nyingi huvuka hapo. Yale ya saa nne na nusu yasingefika Ujiji salama bila kiboksi chenye barafu. Kwa hiyo mahitaji ya chumba ni machache: mlango wenye komeo, kiti, meza ndogo, maji na sabuni karibu, na kona yenye kivuli ya kuweka kiboksi. Choo hakifai, kwa sababu maziwa hayo ni chakula cha mtoto.

Wapo watakaouliza faragha ya nini, wakati kwetu mama hunyonyesha sokoni, garini na kibarazani bila mtu kushangaa. Ni swali la haki. Lakini kukamua si kunyonyesha: hakuna mtoto wa kuziba kifua, mikono yote ina kazi, na wasiwasi wa kuingiliwa huchelewesha maziwa kushuka. Mwalimu mkuu naye atasema hana chumba cha ziada wala wa kushika kipindi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu, kwa kuwa darasa lisilo na mwalimu ni hasara halisi. Ndiyo sababu barua ifike kabla ratiba haijapangwa, si baada ya likizo kwisha. Kuhusu chumba, stoo ya vitabu yenye komeo, ikitengwa kwa nusu saa mara mbili kwa siku, inatosha. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba chenye sehemu ya kunawia mikono, jokofu au kifaa cha kupoozea, soketi ya umeme, meza na viti, ingawa muda wake ni saa moja tu kwa kila saa nane za kazi. Wao wana chumba na muda mfupi, sisi tuna muda bila chumba.

Bunge letu lingeweza kuziba pengo hilo kwa sentensi moja. Mpaka hapo, mama aandike, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na aombe jibu la maandishi. Kwa aliye katika sekta binafsi, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na jibu la kukataa lenye tarehe ndilo litakaloonyesha siku hizo zilianza lini.