Nani Anatoa Fedha? Chapa ya Akaunti ya Akiba ya Vijana Kasulu na Kibondo

Benki inayouza akaunti ya akiba kwa vijana ina wateja wawili kwa mpigo: kijana wa miaka kumi na minne anayetaka kuhesabiwa kuwa mtu mzima, na mzazi anayetaka uhakika kwamba fedha hazitachezewa. Mbinu iliyozoeleka ni kuchanganya sauti. Kijana anawekewa picha ya wenzake wakicheka, mzazi anawekewa maneno mazito kuhusu nidhamu na malengo, na vyote vinabandikwa kwenye bango moja. Hoja yangu ni kwamba huko Kasulu na Kibondo bango hilo haligusi jambo linaloamua. Kinachoifanya akaunti iaminike au isiaminike ni kanuni ya kutoa fedha: nani anaidhinisha, nani anaona salio, nani anapelekewa taarifa. Jina, rangi na maneno ya chapa yatokane na kanuni hiyo, yasitangulie.

Tuangalie chapa zilizopo. NMB, iliyozaliwa mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa, imeweka akaunti zake za watoto na vijana chini ya mwavuli wa Wajibu, na katikati yake ipo Chipukizi, ya vijana wa miaka 13 hadi 17. CRDB ina Junior Jumbo, ambayo tembo wake ni ndugu wa yule wa TemboCard. Tembo mchanga anamfurahisha mtoto wa darasa la pili, lakini msichana wa kidato cha pili hataki kuonekana naye mbele ya wenzake. Wajibu ni neno linalomtuliza mzazi zaidi kuliko kumvutia kijana. Chipukizi, kwa maoni yangu, ndilo jina lililokaa vizuri zaidi kati ya hayo, kwa sababu linamtaja kijana kama mtu anayekua bila kumwita mtoto. Hata hivyo, kwa wazazi waliokulia katika shamrashamra za chama, linakumbusha pia chipukizi wa CCM, na mbunifu anayefanya kazi vijijini afahamu hilo.

Majina hayo, hata yakiwa mazuri, yanagongana na sheria. Kwa Sheria ya Mikataba, mtu asiyefikia umri wa utu uzima hana uwezo wa kufunga mkataba, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ndiyo maana fomu ya kufungulia akaunti husainiwa na mzazi au mlezi. Tangazo linapomwambia kijana "hii ni akaunti yako", na fomu ikampa mzazi mamlaka yote ya kutoa, chapa imeahidi kitu ambacho benki haikukipanga. Kijana anaweza kukaa miezi mingi bila kugundua pengo hilo. Atakapoligundua, atakuwa amekwisha kuweka fedha.

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili katika kijiji kilicho mbali na mji wa Kasulu. Fedha zake hazitoki kwenye posho ya kila wiki kama tangazo la mjini linavyodhani. Zinatoka kwenye kibarua cha kupalilia, kwenye kilo chache za maharage alizopewa baada ya mavuno, na kwenye ndizi anazouza siku ya gulio. Ana shilingi 2,000 leo, pengine 5,000 baada ya mwezi, halafu hana kitu mpaka msimu mwingine. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mjini inaweza kumeza anachopeleka, kwa hiyo ataweka kwa wakala, dukani kwa jirani. Wakala anaingiza namba kwenye mashine, karatasi inatoka, na kama salio limechapwa juu yake, jirani amelisoma kabla ya mwenyewe. Jioni yake habari zimefika nyumbani.

Januari inafika. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na mahitaji mengine yamebaki, na mdogo wake anaanza kidato cha kwanza. Mama anasema, "Mwanangu, tukope kwako, tukivuna tutarudisha." Mama huyu hana nia mbaya. Katika kaya ya wakulima fedha inayoonekana ni fedha ya wote, na kumnyima mdogo sare ili akaunti ya dada ijae ni jambo gumu kulitetea. Lakini kama mama anaweza kwenda dirishani peke yake akatoa, binti amejifunza kuwa benki ni mahali fedha inapochukuliwa bila yeye kuwepo. Hatarudi, na wenzake darasani watasikia. Hakuna rangi itakayoponya hapo.

Upo ushahidi mzito zaidi kutoka Kampala. Mradi wa akiba kwa wasichana wa miaka 10 hadi 19, ulioendeshwa na Population Council pamoja na taasisi za fedha za Uganda, uliwapa wengine akaunti pamoja na kikundi cha kukutana, mlezi wa kikundi na mafunzo ya afya na ya fedha, na wengine wakabaki na akaunti tu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kuwa waliokuwa na akaunti peke yake walisumbuliwa na kushikwashikwa kingono zaidi ya awali. Fedha mkononi mwa binti, bila watu wa kumzunguka, ilimwongezea hatari. Kwa hiyo chapa inayomsifu msichana hadharani, inayompiga picha na kitabu chake cha akiba na kuibandika ukutani shuleni, inaweza kumdhuru. Urafiki wa kweli wa benki kwa kijana hapa una sehemu ya usiri.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii. Kuweka ni huru kwa yeyote. Mzazi anapata ujumbe kila fedha inapoingia na inapotoka, lakini bila salio. Kutoa kunahitaji wawili: kijana mwenyewe na mtu mzima aliyesaini. Binti akiona nyumbani hapako salama, mlezi wa kikundi kinachotambuliwa na benki anaweza kusaini badala ya mzazi. Hili litahitaji wanasheria walipange vizuri. Risiti ya wakala isichapishe salio. Kanuni hiyo ikishasimama, maneno ya chapa yanajiandika: "Haitoki mpaka tukubaliane." Kijana anasikia kwamba ana kura, mzazi anasikia kwamba mtoto hatafuja fedha peke yake. Sentensi hiyo moja ndiyo ninayotaka iwe kwenye fomu, kwenye redio na mdomoni mwa wakala, ikiwa vilevile kila mahali.

Mpango huu una kasoro. Sahihi mbili zinachelewesha, na mzazi mgonjwa anayehitaji nauli ya hospitali hawezi kungoja mtoto arudi kutoka bwenini; kiasi kidogo cha dharura, chenye kikomo kwa muhula, kinahitajika. Tena kuna cheti cha kuzaliwa. Mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013 na kwenda mkoa kwa mkoa. Waliokuwa wamevuka umri huo ulipowafikia hawakunufaika nao. Kijana wa Kibondo aliyevutwa na tangazo zuri na kurudishwa dirishani kwa kukosa cheti ameshaipata picha yake ya benki. Afadhali tangazo litaje nyaraka zinazotakiwa kuliko kuzificha kwenye maandishi madogo.

Meneja wa tawi anaweza kupima kama chapa inaaminika bila kufanya utafiti wa gharama. Achukue miamala ya kutoa ya Januari na ailinganishe na amana za miezi inayofuata mavuno ya maharage kwa akaunti zilezile. Akaunti iliyotolewa fedha Januari na ikawekewa tena baada ya mavuno ni mkopo wa familia uliolipwa, na kijana bado yumo. Iliyotolewa na kukaa kimya misimu miwili mfululizo imempoteza mwenyewe, hata kama takwimu za makao makuu bado zinaihesabu kuwa imefunguliwa.